Kujaza vipimo vya insulesheni na lupu ya athi kwenye cheti cha kukamilika kazi kabla Yaka haijafungwa: mwongozo kamili

Vyeti vingi vinavyorudishwa havirudi kwa sababu waya zimevutwa vibaya. Vinarudi kwa sababu ya safu mbili tu: ya insulesheni na ya lupu ya athi. Kwenye ya kwanza fundi ameandika "sawa" kutoka juu hadi chini. Kwenye ya pili ameandika 0.8 Ω kwa saketi zote, katika nyumba ambayo haijawahi kupata umeme hata dakika moja. Mkaguzi akiiona hiyo ana swali moja: "Bwana fundi, hii sifuri nukta nane umeipima wapi, na mita haijafungwa?"

Kisa chake kinaeleweka. UEDCL, kampuni inayosambaza umeme Uganda, inataka cheti kwanza ndipo ifunge Yaka, yaani mita ya kulipia kabla. Na kipimo cha lupu, yaani ukinzani wa njia nzima ambayo mkondo wa hitilafu hurudia kupitia athi, kinahitaji umeme uwe umeingia. Fundi akibanwa hapo katikati anabuni namba. Hana haja ya kubuni. Pima vyote vinavyopimika bila umeme, kokotoa kilichobaki, andika wazi kwamba umekokotoa, kisha upime kweli siku umeme utakapoingia.

Nitatumia mfano wa nyumba moja ya vyumba vitatu upande wa Mukono: fesi moja ya 240 V, kuta za matofali ya kuchoma, waya ndani ya paipu za plastiki zilizofukiwa kwenye plasta, na fimbo ya athi ya nyumba yenyewe. Kama mtoa umeme ndiye anayekupa teminali ya athi, hesabu inabadilika. Nimeieleza kwenye hatua ya 6.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kipimo cha insulesheni, yaani mega, chenye volti 500 za mkondo mnyoofu. Maltimita ya kawaida haifai. Betri yake ya volti chache haiwezi kuisumbua insulesheni yenye jeraha, kwa hiyo itakuonyesha uzima usiokuwepo.
- Kipimo cha ukinzani mdogo kinachosoma hadi 0.01 Ω. Vipimo vingi vya kisasa vina hiki na mega ndani ya chombo kimoja.
- Kipimo cha fimbo ya athi pamoja na vigingi viwili na waya zake ndefu.
- Kipimo cha lupu, kwa siku ya umeme kuingia. Kiwe na mpangilio wa kutoangusha breka ya mvujo. Kwenye vyombo vingi umeandikwa `No Trip`.
- Waya mrefu wa kutembea nao, klipu, bisibisi zilizohamiwa na kalamu ya wino.
- Fomu ya cheti, na karatasi ya matokeo yenye mstari mmoja kwa kila saketi. Kama fomu uliyopewa ina kisanduku kimoja tu cha insulesheni, andika humo namba ya chini kuliko zote ulizopata, halafu ambatanisha karatasi ya saketi zote.

Namba ya chombo na tarehe ya kukaguliwa usahihi wake zina nafasi yake kwenye fomu. Zinakili ukiwa umekishika chombo mkononi.

## Hatua ya 1: Jaza upande wa kushoto kabla ya kupima

Kabla hujagusa chombo, andika kila saketi kwenye mstari wake: inalisha nini, breka ni ya aina gani na ampea ngapi, waya wa laivu una ukubwa gani, na wa athi una ukubwa gani. Soma breka yenyewe. Usiandike kutoka kwenye risiti ya dukani, maana kilichonunuliwa na kilichofungwa mara nyingine ni vitu viwili.

Nyumba yetu ina saketi nne za kufuatilia hapa. Taa za ndani na taa za nje ziko kwenye breka za B6 na waya wa 1.5 mm². Soketi ni duara la waya wa 2.5 mm² kwenye B32, na athi yake pia ni 2.5 mm². Hita ya bafuni ina waya wa 4 mm² na athi ya 2.5 mm², nayo iko kwenye B32. Zote zinapita kwenye breka ya mvujo ya 30 mA, ile yenye kitufe cha kujaribia kilichoandikwa T.

Umefaulu ikiwa fundi mwingine, akishika karatasi hiyo mbele ya boksi la breka, anaweza kunyoosha kidole kwenye kila saketi bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Pima waya wa athi kabla ya mega

Wengi huanza na mega kwa sababu ndiyo inayoonekana kipimo cha kiume. Hapo wanaanguka. Waya wa athi ukiwa umekatika ndani ya ukuta, mega kati ya laivu na athi itakupa namba nzuri sana, kwa sababu unapima kuelekea waya usiofika popote. Namba hiyo nzuri ni uongo, na hutajua.

Zima swichi kuu na uhakikishe hakuna umeme wa jirani wala wa jenereta uliounganishwa. Sifurisha kwanza waya za chombo chako, ili ukinzani wake usihesabiwe. Kisha kwenye boksi la breka unganisha laivu ya saketi na athi yake, nenda kwenye kila taa, swichi na soketi ya saketi hiyo, na upime kati ya laivu na athi. Namba kubwa kuliko zote ndiyo unayoiandika kwenye safu ya R1+R2.

Namba hii inaweza kukaguliwa kwa hesabu. Shaba ya 1.5 mm² ina ukinzani wa takriban 12.1 mΩ kwa kila mita, na ya 2.5 mm² takriban 7.41 mΩ. Saketi ya taa za ndani ina mita 30 hadi mwisho, kwenda na kurudi kwa waya wa 1.5 mm²: 30 × 24.2 mΩ, yaani 0.73 Ω. Ukisoma 0.73 au karibu na hapo, umetulia. Ukisoma 1.9, kuna skrubu iliyolegea mahali au waya umeungwa kwa kusokotwa tu.

Kwa duara la soketi, pima kwanza laivu kutoka ncha hadi ncha, halafu nyutro, halafu athi. Duara letu lina mita 48, kwa hiyo laivu inasoma 0.36 Ω na athi vilevile. Unganisha laivu ya ncha moja na athi ya ncha ya pili, na kinyume chake, kisha pima kwenye kila soketi. Namba itakuwa karibu robo ya jumla ya hizo mbili, hapa 0.18 Ω, na itakuwa karibu ileile kwenye soketi zote. Soketi moja ikisoma juu waziwazi kuliko wenzake, huenda ipo kwenye tawi nje ya duara. Ondoa sahani yake uone.

Umefaulu ikiwa kila sehemu imetoa namba na namba hizo zinakubaliana na urefu wa waya.

## Hatua ya 3: Tayarisha nyumba kwa mega

Mega inatuma volti 500. Kifaa chochote chenye elektroniki kilichobaki kwenye saketi kinaweza kuungua, au kikaivuta namba chini ukadhani ukuta una kasoro. Toa balbu zote. Fungua taa za LED zenye kiendeshi chake ndani. Chomoa swichi za kupunguza mwanga, kengele ya mlango, kinga ya radi iliyo kwenye boksi, na swichi za hita zenye taa ndogo nyekundu. Taa ile ndogo inatosha kuiangusha namba kati ya laivu na nyutro.

Breka ya mvujo nayo ina elektroniki. Pima upande wake wa kutokea, waya zake zikiwa zimetolewa.

Kisha washa breka zote ndogo na swichi zote za taa. Swichi ikiwa imezimwa, waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye taa haupimwi kabisa. Kwa taa ya ngazi yenye swichi mbili, pima, geuza swichi moja, upime tena, kwa sababu kila upande una waya wake.

Jaribu chombo chenyewe: gusanisha ncha zake, isome sifuri, zitenganishe, isome juu ya upeo wake. Hapa panachukua nusu dakika.

Tahadhari: mtu akishika waya wazi wakati wa kipimo atarushwa, na aliye juu ya ngazi ataanguka. Wapaka rangi na wafunga dari wajue unapima. Baada ya kila kipimo subiri chombo kimalize kuondoa chaji iliyobaki kwenye waya kabla hujagusa.

## Hatua ya 4: Pima insulesheni na uandike ulichosoma

Kwa kila saketi kuna vipimo vitatu: laivu na nyutro, laivu na athi, nyutro na athi. Shikilia kitufe mpaka namba itulie. Kwenye waya mrefu namba hupanda taratibu, na anayeachia mapema anaandika namba iliyo chini ya ile ya kweli.

Kwa saketi za volti hizi, BS 7671, ambayo mafundi wengi huku wamefundishwa nayo, inataka kipimo cha volti 500 na matokeo yasiyopungua 1 MΩ. Lakini hiyo 1 MΩ ni sakafu. Nyumba mpya iliyokauka inatakiwa isome mamia. Ukikuta 1.3 MΩ kwenye jengo jipya, kwa kanuni hiyo umepita, ila kuna kitu kinaanza kuharibika, na ukifunga boksi hapo utarudi kwa gharama yako. Mimi sipitishi chochote kilicho chini ya 2 MΩ kabla ya kujua sababu yake, na kwenye jengo jipya hata 20 MΩ inanifanya niulize maswali.

### Namba ikiwa mbaya: mfano wa taa za nje

Katika nyumba yetu, ukiunganisha laivu zote na nyutro zote pamoja na kupima kuelekea athi, nyumba nzima inasoma 0.9 MΩ. Imefeli.

Unazima breka moja moja ukitafuta saketi mbovu. Namba haibadiliki. Hapa wengi huanza kulaumu chombo. Sababu ni kwamba breka ya kawaida ya nguzo moja hukata laivu tu. Nyutro zote bado zimekutana kwenye baa moja. Kasoro ikiwa kwenye nyutro, kuzima breka hakusaidii kitu. Lazima utoe nyutro kwenye baa moja baada ya nyingine, huku ukiziwekea alama.

Nyutro ya taa za nje ilipotolewa, nyumba iliyobaki ikaruka hadi mamia. Saketi hiyo peke yake ilisoma 413 kati ya laivu na nyutro, 412 kati ya laivu na athi, na 0.9 kati ya nyutro na athi. Kwa hiyo tunatafuta mahali nyutro na athi zinapokutana, nje ya nyumba. Igawe saketi hiyo: fungua boksi la katikati, utenge nusu ya mbali. Kasoro ilikuwa kwenye boksi la chuma la taa ya kona ya nyuma. Mpiga plasta alilijaza udongo mbichi wa saruji, na waya wa nyutro ulikuwa umechubuliwa na ukingo wa boksi. Kwa macho ulionekana mzima. Mchubuko ulikuwa upande wa chini, urefu wa punje ya mchele.

Waya ulibadilishwa, boksi likasafishwa na kuwekewa kizuizi cha mpira, na kipimo kikarudiwa: 340 MΩ. Hiyo 340 ndiyo inayoingia kwenye cheti. Ile 0.9 inabaki kwenye daftari lako la kazi.

Wakati wa mvua za Machi hadi Mei utakutana na kasoro nyingine inayofanana: plasta mbichi tu, bila jeraha lolote. Itambue hivi: namba ni ya chini kwenye saketi kadhaa kwa pamoja, na ukirudi baada ya siku chache za jua imepanda yenyewe. Jeraha la waya halipandi hivyo. Usiwahi kupitisha kwa matumaini kwamba itakauka; subiri ikauke ndipo uandike.

### Namna ya kuandika

Andika kile kilichosomwa na chombo, pamoja na kizio chake. Chombo kinachoishia 999 MΩ kikionyesha `>999`, andika `>999`. Usiandike 1000, na usiandike alama ya kutokuwa na mwisho, kwa sababu hakuna chombo kilichopima hivyo. Kama chombo chako kinaishia 200, andika `>200`. Hakuna aibu yoyote.

Andika na volti ya kipimo. Ikiwa kuna kifaa kisichoweza kutolewa na ukalazimika kupima kwa volti 250, sema hivyo kwenye maelezo pamoja na sababu. Sakafu inabaki 1 MΩ ileile.

Na namba zitofautiane zinavyotofautiana. Saketi sita zenye 500, 500, 500 zinamwambia mkaguzi kwamba mega ilibaki ndani ya gari.

Umefaulu ikiwa kila mstari una namba tatu, zote zimetoka kwenye kioo cha chombo, na hakuna hata moja unayoogopa irudiwe mbele yako.

## Hatua ya 5: Pima fimbo ya athi

Hiki ndicho kipimo kinachorukwa zaidi, na katika nyumba yenye fimbo yake ndicho kinachobeba karibu lupu yote.

Umeme ukiwa umekatwa kabisa, fungua waya wa athi kutoka kwenye fimbo ili upime fimbo peke yake. Ukiuacha umefungwa, huenda unapima pia mabomba ya maji na nondo za msingi. Piga kigingi cha mkondo mita 30 kutoka kwenye fimbo, na kigingi cha volti katikati, mita 15, vyote kwenye mstari mmoja. Pima. Sogeza kigingi cha katikati mita 3 kuelekea fimbo, upime. Kisha mita 3 upande wa pili, upime.

Kwetu zilitoka 45.1, 46.0 na 46.8 Ω. Wastani ni 46, na hakuna iliyopishana nao kwa zaidi ya asilimia 5, kwa hiyo kipimo kinaaminika. Zikipishana sana, vigingi viko karibu mno na fimbo. Sogeza cha mkondo mbali zaidi uanze upya.

Kiwanja kikiwa kidogo, kama vingi vya Kampala, omba ruhusa ya kupita kwa jirani au ufuate ukingo wa barabara. Kubuni namba kwa sababu ya ukuta wa uzio hakukubaliki.

Rudisha waya wa athi kwenye fimbo na uukaze kabla hujaondoka hapo. Namba ya 46 Ω iandike pamoja na tarehe na hali ya udongo, kwa mfano "maramu, udongo unyevu baada ya mvua". Udongo huohuo ukikauka Januari na Februari unaweza kusoma juu zaidi sana, na maelezo hayo yatakuokoa mtu akija kupima kiangazi akuite mwongo.

Ukipata zaidi ya 200 Ω, ongeza fimbo ya pili au uishushe zaidi. Kwa hesabu ya usalama unaweza kuwa bado umepita, ila fimbo ya namna hiyo haina utulivu. Kiangazi kikija hujui itafika wapi.

## Hatua ya 6: Kokotoa lupu na useme umekokotoa

Sasa una kila kitu:

```
Zs = Ra + (R1+R2)
soketi: 46 + 0.18 = 46.2 Ω
```

Zs ni lupu nzima, Ra ni fimbo. Fimbo ya transfoma na waya za mtoa umeme hazimo, kwa sababu hujafika kwenye kuzipima. Ndiyo maana namba hii ni ya muda.

Angalia 46.2 Ω inamaanisha nini. Laivu ikigusa mwili wa hita, mkondo utakaokwenda ardhini ni 240 ÷ 46.2, kama ampea 5. Breka ya ampea 32 haitajua kuna jambo. Itakaa imewaka, na mwili wa hita utabaki na volti karibu zote. Kinachookoa maisha hapa ni breka ya mvujo peke yake, kwa hiyo kipimo cha kulinganisha nacho ni chake, IΔn ikiwa mkondo wake wa kukatia:

```
Ra × IΔn ≤ 50 V
46 × 0.03 = 1.38 V
```

Umepita kwa mbali. Ukomo wa breka ya 30 mA kwa hesabu hii ni 1667 Ω, na wa 100 mA ni 500 Ω.

Ndiyo maana ile 0.8 Ω haina maana hata kidogo. Fundi amefungua jedwali, ameona B32 inataka isizidi 1.37 Ω, akaandika namba iliyo chini ya hapo. Jedwali hilo ni la nyumba ambazo athi yake ni waya wa chuma unaorudi mpaka transfoma. Fimbo ya 46 Ω na lupu ya 0.8 Ω haziwezi kukaa kwenye cheti kimoja.

Kama mtoa umeme ndiye aliyekupa teminali ya athi, basi hilo jedwali ni lako. Ra inaondoka, na mahali pake inaingia Ze, ukinzani wa njia ya nje, ambayo unaiomba kwa mtoa umeme sasa na kuipima mwenyewe baadaye. Namba utakayopima waya zikiwa baridi isizidi asilimia 80 ya jedwali, yaani kama 1.1 Ω kwa B32, kwa sababu waya ukipata joto la kazi ukinzani wake hupanda.

Kwenye safu ya Zs andika namba na neno "imekokotolewa". Fomu ikiwa na safu mbili, ya kukokotoa na ya kupima, ya pili iandike "inasubiri umeme". Usiiache tupu. Nafasi tupu inasomeka kama umesahau.

Karatasi yetu ikaonekana hivi:

| Saketi | Breka | R1+R2 (Ω) | L–N (MΩ) | L–E (MΩ) | N–E (MΩ) | Zs, imekokotolewa (Ω) |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Taa za ndani | B6 | 0.73 | >999 | >999 | >999 | 46.7 |
| Taa za nje | B6 | 0.61 | 752 | 412 | 340 | 46.6 |
| Soketi, duara | B32 | 0.18 | 612 | 580 | 595 | 46.2 |
| Hita | B32 | 0.22 | >999 | >999 | >999 | 46.2 |

Kwenye maelezo: "Insulesheni 500 V. Nyumba ina fimbo yake ya athi, Ra 46 Ω, udongo unyevu. Saketi zote ziko chini ya breka ya mvujo ya 30 mA. Zs ni hesabu ya Ra + (R1+R2). Itapimwa baada ya mita kufungwa."

## Hatua ya 7: Saini

Anayesaini ni mwenye kibali kilichotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, cha daraja linaloruhusu kazi ya ukubwa huo. Kama vipimo vimechukuliwa na kijana wako, jina lake liingie kama mpimaji, nawe rudia angalau saketi moja kwa mkono wako kabla ya kusaini. Tarehe ya vipimo ni siku ulipopima, hata kama fomu unaiandika wiki inayofuata. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na utie saini ya kifupi pembeni. Rangi nyeupe ya kufutia inaharibu karatasi nzima. Piga picha kila ukurasa kabla ya kupeleka.

## Hatua ya 8: Siku Yaka inapofungwa

Mafundi wa UEDCL wakimaliza na kuondoka, hapo ndipo safu ya pili inajazwa. Nyumba sasa ina umeme; vaa viatu vya mpira, tumia ncha zilizofunikwa, na usifungue boksi la breka pasipo haja.

Anza na breka ya mvujo. Kwa chombo, kwa 30 mA inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300. Andika muda uliosomwa. Kisha bonyeza kitufe cha T. Kitufe hicho kinajaribu mtambo wa breka tu, hakisemi lolote kuhusu fimbo yako.

Weka kipimo cha lupu kwenye `No Trip`, chomeka kwenye soketi ya mbali zaidi, na usome. Kisha fanya hivyo kwenye mwisho wa kila saketi. Katika nyumba yetu soketi ya mwisho ilisoma 49 Ω, dhidi ya 46.2 tuliyokokotoa. Tofauti hiyo ya kama ohmu tatu ni fimbo ya transfoma na waya za njiani, nayo ni ya kawaida.

Tofauti kubwa ina maana. Ukisoma 0.6 Ω mahali ulipotarajia 49, mahali fulani nyutro na athi zimeunganishwa, mara nyingi na mtu "aliyesaidia" kwenye boksi la mita. Zikiwa zimeunganishwa baada ya breka ya mvujo, dalili nyingine ni breka hiyo kuanguka mara tu mzigo unapowashwa. Ukisoma mamia ya ohmu, kibano cha fimbo kimelegea au hakikurudishwa baada ya hatua ya 5. Zima, rekebisha, upime tena.

Cheti kilichokwisha kupelekwa usikifungue na kuandika juu yake. Tengeneza karatasi ya nyongeza yenye namba ya cheti, tarehe, namba ya chombo, Zs zilizopimwa na muda wa breka ya mvujo, uisaini, nakala moja apewe mwenye nyumba na nyingine ibaki kwenye faili lako. Mwenye nyumba mwambie aibandike ndani ya mlango wa boksi la breka, kwa sababu fundi atakayekuja kuongeza soketi ya friji ndiye wa kwanza atakayeihitaji.